Kuchora gurudumu la pampu na nyumba yake katika faili moja

Tuseme shamba la mboga liko juu kidogo ya Ziwa Kivu, hapa Bukavu. Ukijumlisha kupanda na msuguano wa bomba, maji yanapaswa kusukumwa mita 12, lita 5 kwa sekunde. Moteri ya petroli ya mizunguko 3000 kwa dakika imekufa, iliyopatikana ni ya mazuti, mizunguko 1500. Ukiifunga kwenye pampu ileile, maji yatafika mita 3 tu. Mwendo ukipungua nusu, nguvu ya kupandisha inabaki robo. Shamba litakauka na moteri iko inanguruma.

Ndiyo sababu tunachora gurudumu la mapanga kwa OpenSCAD, programu ya bure ya kompyuta, ambamo vipimo vinaandikwa kama hesabu:

```
N = 3000; // mizunguko kwa dakika
H = 12;   // mita
D = 60000*sqrt(2*9.81*H)/(PI*N);
ulimi = 1.08*D/2;
```

Kwa 3000, kipenyo D kinatoka milimita 98. Andika 1500, kinakuwa 195. Kwenye kuyeyusha tunaongeza kidogo, kwa maana tornu hupunguza lakini hairudishi chuma.

Mapanga sita yanatosha. Yanapinda kuelekea nyuma, kinyume cha upande gurudumu linakozunguka, na ukingoni tunayapa pembe ya digrii 25. Watu wengi wanayaona kama vijiko vya kuchota, wanayageuza mbele. Gurudumu likifungwa hivyo maji bado yatatoka, lakini yana unyonge, na moteri inachemka. Basi moteri mpya ikizunguka upande mwingine, geuza mchoro wote kama kwenye kioo, gurudumu pamoja na nyumba.

Nyumba yenyewe ni kama konokono. Inaanza nyembamba kwenye ulimi, inapanuka kufuata mzunguko, kwa sababu kila hatua inapokea maji zaidi. Ukingo wa gurudumu unakimbia mita 15 kwa sekunde; kooni tunayaacha maji yaende karibu nusu yake, mita 7. Lita 5 kwa mwendo huo zinataka nafasi ya sentimita 7 za mraba. Katikati ya mzunguko ni nusu yake, 3.5.

Hapa ndipo faili inasaidia. Kwa moteri ya mazuti, ukingo unakimbia mwendo uleule, basi koo halibadiliki. Kinachosogea ni ulimi, kutoka milimita 53 hadi 105 toka katikati. Kuchonga gurudumu kubwa na kuacha nyumba ya zamani haiwezekani, halitaingia.

Ulimi ukikaribia sana gurudumu, utasikia pampu inagongagonga na mikono yako inatetemeka ukiigusa. Ukiwa mbali mno, pampu iko kimya, lakini maji yanazunguka tena ndani na shambani yanafika machache. Kabla ya kufunga boliti, pitisha kipimo cha milimita 4 kati ya ulimi na gurudumu dogo, 8 kwa kubwa.