Mgonjwa wa Homa au Korona Nyumbani: Fungua Dirisha
Kijitabu cha kaya za Kitengela, Isinya na Kajiado nzima

Jambo la kwanza

Fungua dirisha la chumba anacholala mgonjwa.

Mbona tunaanza na dirisha

Kila msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, tunapokea wagonjwa wa nyumba moja wakifuatana. Baba alianza kukohoa Jumatatu, na wiki iliyofuata mama na watoto wote wako chini. Ukiuliza, unaambiwa kikombe chake kilitengwa, sahani yake ikamwagiwa maji moto, hata taulo yake ikaanikwa peke yake. Ukiuliza habari ya dirisha, unaambiwa lilifungwa asipigwe na baridi. Watu watano wakalala humo hadi asubuhi.

Hapo ndipo maradhi yalipopitia. Mgonjwa akikohoa, akiongea, hata akivuta pumzi tu, anatoa vitone vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Chumba kikifungwa, vitone hivyo vinaendelea kuelea kama moshi wa kuni usio na pa kutokea, na kila aliyemo anavivuta. Dirisha likifunguliwa vinatoka. Kikombe kina lawama yake, tutakifikia, lakini kikombe hakiwezi kuwaambukiza watu watano waliolala usingizi. Hewa iliyofungiwa inaweza.

Tunazijua sababu za kulifunga, maana tunaishi nanyi. Kuna vumbi la barabarani, kuna upepo wa mbugani, kuna mwizi anayeingiza mkono, kuna paka. Basi fungua kiasi cha shibiri moja, mradi kuna vyuma au wavu. Vumbi likizidi upande wa barabara, fungua wa nyuma. Nyumba isiyo na dirisha la pili, acha mlango wazi mchana na usizibe kwa matambara ule mwanya ulio chini ya mabati. Kuhusu baridi, mpe mgonjwa blanketi, soksi na kofia. Baridi ya dirishani haileti homa wala korona. Kinachozileta ni kirusi anachopumua mwenzako.

Kama huna uhakika hewa inapita, washa kijiti cha kiberiti, kizime, utazame ule moshi mwembamba. Ukisogea kuelekea nje, ni vizuri. Ukisimama wima juu ya kichwa chako, hewa imelala. Njia nyingine ni kutoka nje dakika chache kisha uingie tena: ukikaribishwa na harufu ya usingizi na jasho, hujafungua vya kutosha.

Jiko la makaa

Usiingize jiko la makaa chumbani kwa mgonjwa. Tunarudia: usiliingize, hata kama makaa yamekuwa mekundu na hayatoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na katika nyumba iliyofungwa inaweza kuua wote waliolala bila hata mmoja kuamka. Mgonjwa wa homa yuko hatarini zaidi kwa sababu akilalamika kichwa, kila mtu anadhani ni homa yake. Dalili ya kukushtua ni hii: watu kadhaa nyumbani wanaumwa kichwa, wanahisi kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hapo toeni kila mtu nje kwanza, jiko baadaye, mwende hospitali.

Homa au korona?

Kwa macho huwezi kuzitofautisha, hata sisi hatuwezi bila kipimo, na nyumbani zote mbili zinauguzwa kwa namna moja.

Nyumba ya chumba kimoja

Tangu Juni 2020, Wizara ya Afya iliporuhusu wagonjwa wa korona wasiozidiwa wauguziwe nyumbani, watu wa Kitengela wamekuwa wakituuliza swali moja: nimtenge vipi na nyumba yangu ni chumba kimoja? Swali ni la haki. Maagizo mengi yaliandikwa kana kwamba kila mtu ana chumba cha wageni.

Chukua familia ya baba mgonjwa, mama, watoto wawili, na nyanya aliyekuja kutoka Bisili kuwatembelea. Wamepanga chumba kimoja kwenye ploti, chenye kitanda kimoja na godoro la kutandika chini. Choo ni cha nje, wanashirikiana na majirani.

Kitanda kisogezwe chini ya dirisha, na baba alale kichwa kikiwa upande wa dirisha. Godoro la wengine liende upande wa mlango, vichwa vikielekea mbali naye. Kati yao wakiweza kuacha mita moja ni vizuri, wakiweza mbili ni bora zaidi. Pazia la leso katikati linasaidia kikohozi kisiwarukie usoni, lakini lisitundikwe mbele ya dirisha, maana litaziba ile hewa tunayoitafuta.

Nyanya ndiye wa kutolewa kwanza. Akipatiwa chumba kwa jirani au ndugu wa karibu, alale humo peke yake, kwa kuwa huenda tayari ameambukizwa ingawa hajaanza kukohoa. Asirudishwe Bisili wiki hiyo. Na watoto wasipelekwe ushago! Hili linatuchosha. Mtu akiugua mjini, watoto wanapakiwa kwenye matatu kwenda kwa nyanya "wasiambukizwe", na baada ya siku chache nyanya mwenye kisukari au presha ndiye anayetafutiwa gari la hospitali. Mtoto aliyelala na mgonjwa anaweza kubeba ugonjwa siku moja au mbili kabla ya dalili kuonekana. Abaki hapo hapo hadi ijulikane.

Mama awe mhudumu peke yake. Asiwepo wa kupokezana naye, wala shangazi anayeingia "kumjulia hali kidogo tu". Kama mama ni mjamzito au ana ugonjwa wa muda mrefu na yuko mtu mzima mwingine mwenye afya, huyo ndiye auguze.

Mchana, baba akiweza kutembea, aketi nje kivulini, mbali na wengine. Hakuna chumba kinachoshinda nje. Wanaoishi kwenye nyumba za Kimaasai, ambazo kidirisha chake ni tundu tu na moto uko ndani, wafanye hivyo kila siku mgonjwa anapoweza. Wazee watatuwia radhi kwa hili: mtoto asiinamishe kichwa aguswe na mzee anayekohoa. Mzee amsalimie kwa sauti.

Na usiku? Usiku dirisha libaki wazi.

Barakoa

Sharti la kuvaa barakoa liliondolewa Machi 2022. Kirusi hakikuondolewa.

Mgonjwa aivae kila mtu anapoingia na kila anapokwenda chooni. Mhudumu aivae kabla ya kuvuka kizingiti, si akiwa ameshafika kitandani. Ifunike pua na mdomo, na ule waya wa juu uubane puani. Iliyo kidevuni haijavaliwa. Usiishike kwa mbele. Ivue kwa kamba za masikioni, kisha unawe mikono. Ya hospitali ikilowa au ikichafuka, itupe. Ya kitambaa ifuliwe kwa sabuni kila siku na ikauke kabisa kabla ya kuvaliwa tena.

Asivae mtoto aliye chini ya miaka 5, wala mtu aliyelala, wala mgonjwa anayehangaika kupumua.

Tumeona nyumba ambako barakoa moja imetundikwa msumarini mlangoni, na kila anayeingia anaivaa hiyo hiyo. Bora uingie bila barakoa, dirisha likiwa wazi, kuliko kuvaa ya mwenzio.

Vikombe, vijiko na sahani

Mgonjwa awe na vyake: kikombe, sahani, kijiko. Vifungie uzi mwekundu au uchague vya rangi tofauti ili mtoto asikosee. Havihitaji kutupwa wala kuchomwa akipona. Sabuni na maji safi vinatosha, visuguliwe, visuuzwe, vianikwe. Anayeviosha anawe mikono akimaliza. Kama maji mnanunua kwa mtungi, tumia machache yanayotiririka kutoka kwenye kibati kilichotobolewa badala ya beseni moja la kila mtu.

Kosa kubwa liko mdomoni, si kwenye beseni. Mama anaonja uji kwa kijiko cha mgonjwa, kisha anamlisha mtoto kwa kijiko hicho hicho. Mtoto anamalizia chai iliyobaki kwenye kikombe cha baba. Maziwa yanapita kutoka mdomo hadi mdomo kwa kibuyu kimoja. Mmiminie mgonjwa kwenye kikombe chake. Ugali wake ukatwe uwekwe kwenye sahani yake, asile sinia moja na wengine. Chupa ya chai inaweza kutumiwa na wote, mradi mgonjwa amiminiwe na mtu mwingine.

Wageni

Wasimame nje, waongee kupitia dirishani, ambalo bila shaka liko wazi.

Dawa

Homa ikipanda au mwili ukiuma, mtu mzima anaweza kumeza parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima. Soma pakiti za dawa nyingine za mafua, kwa sababu nyingi zina parasetamoli ndani, na ukichanganya unazidisha bila kujua. Mtoto hupimiwa kwa uzito, uliza. Mtoto mwenye homa asipewe aspirini. Usinunue antibayotiki kwa kukisia, haziui kirusi cha homa wala cha korona. Kujifukiza kwa sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi hakuponyi, na kumeunguza watoto. Anywe maji, uji, supu, kidogo kidogo na mara nyingi.

Homa ikimshika mtu aliyetoka Pwani au Magharibi hivi karibuni, apimwe malaria pia.

Mpeleke hospitali sasa, usingoje asubuhi

Mtu mzima anayeshindwa kumaliza sentensi bila kutweta, mwenye maumivu ya kifua yasiyoisha, anayechanganyikiwa au asiyeamka sawasawa, au mwenye midomo ya bluu au kijivu. Aliyeonekana kupona kisha homa na kikohozi vikarudi kwa nguvu.

Mtoto anayekataa kunyonya au kunywa, aliyepata degedege, au ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi. Mhesabie pumzi akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa ya simu: 60 au zaidi kwa aliye chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni hatari. Nendeni Kitengela au Kajiado mjini, popote palipo karibu. Ndani ya gari mgonjwa avae barakoa kama anapumua vizuri, na vioo viteremshwe.

Atatoka lini

Wa korona mwenye dalili ajitenge siku 10 tangu dalili zilipoanza. Wa homa ya kawaida, hadi apitishe saa 24 bila joto na bila dawa ya kulishusha. Kama hakupimwa, hesabu 10. Tunajua kibarua hakingoji, na wengi hurudi kazini siku ya tatu. Ukilazimika, vaa barakoa siku zote zilizobaki, kwenye matatu keti karibu na dirisha na ulifungue, na ule chakula chako nje.

Kikohozi kikiendelea zaidi ya wiki 2, hasa ukipungua uzito au kutokwa na jasho usiku, nenda kituo cha afya ukatoe makohozi yapimwe kifua kikuu. Ukienda, nenda na uliolala nao chumba kimoja.