Bati la maruni na joto la usiku

Swali: Nyumba yangu yenye bati la maruni iko Sinza, Dar es Salaam. Hata saa nne usiku chumbani hakulaliki. Nianze na mti au rangi ya bati?

Jibu: Anza na bati. Jua la mchana hapa hupiga karibu wima, hivyo paa hupokea joto jingi kuliko kuta. Gusa dari saa nane mchana. Ikiwa ya moto, paka bati rangi nyeupe, kisha toboa matundu yenye wavu chini ya upenu, pande mbili zinazotazamana, hewa ipite. Vumbi hufifisha weupe, kwa hiyo osha bati.

Ukuta wa magharibi ukibaki na moto usiku, ni tofali za saruji zinazotoa joto zililolihifadhi mchana, kama lami na zege za mtaa mzima. Hapo panda mwarobaini upande huo, mbali na msingi. Kivuli chake kitachukua miaka. Rangi hufanya kazi mara moja.