Wali hauna gluteni, ila mashine ya unga je?

Swali: Mtoto mwenye ugonjwa wa siliaki hula wali bila shida, lakini vitumbua vya unga wa mchele humuumiza tumbo. Je, mchele una gluteni?

Jibu: Mchele mtupu hauna gluteni inayowadhuru wagonjwa wa siliaki, hiyo imo kwenye ngano, shayiri na rai. Tatizo huenda linaanzia mashineni.

Mashine iliyotoka kusaga ngano hubaki na unga kwenye chekeche, mfereji na mfuko wa kupokelea. Mchele ukifuata, huubeba unga huo. Kiwango cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni hakizidi miligramu 20 za gluteni kwa kilo. Gramu 1 tu ya unga wa ngano ina takriban miligramu 80 za gluteni. Ikiingia kwenye kilo ya unga wa mchele, kikomo kimepitwa mara nne, na jicho haliwezi kuiona.

Punje za mchele wa wali huoshwa, hivyo vumbi hupungua, lakini unga hauoshwi. Kwa mtoto huyu, mchele uchambuliwe, uoshwe, ulowekwe usiku kucha, kisha usagwe nyumbani kwa blenda isiyoguswa na ngano. Maumivu yakiendelea, daktari atafute sababu nyingine.