Namna ya Kusoma na Kuandaa Jedwali la Milango na Madirisha

Ramani ya sakafu huonyesha mahali pa kila mlango na dirisha. Jedwali linaloambatana nayo hueleza aina, ukubwa na idadi. Katika miradi inayojengwa na mafundi wa jamii bila mkandarasi, Kamati ya Manunuzi huagiza kwa kufuata jedwali hilo, na Kamati ya Mapokezi hukagua vifaa kwa kulifuata hilo hilo. Kwa sababu hiyo, kosa lililomo ndani yake huweza kupita mikononi mwa kamati zote mbili bila kugunduliwa hadi fremu zifikishwe ukutani.

Jambo la kwanza ni alama. Michoro mingi hutumia herufi za Kiingereza, ambapo D ni mlango na W ni dirisha. Msomaji asidhani kuwa D ni dirisha. Tarakimu inayofuata hutaja aina, wala si idadi: madirisha yote yenye alama W1 yanafanana kwa kila kitu. Likitofautiana moja kwa kipimo, kwa nondo au hata kwa upande wa bawaba, hupewa alama yake.

Tuchukue mfano wa jengo la madarasa mawili yenye ofisi katikati. Jedwali lake linasomeka hivi:

| Alama | Mahali | Upana × kimo (milimita) | Idadi |
|---|---|---|---|
| D1 | Darasa | 900 × 2100 | 2 |
| D2 | Ofisi | 800 × 2100 | 1 |
| W1 | Darasa | 1500 × 1500 | 12 |
| W2 | Ofisi | 1200 × 1500 | 2 |

Kabla ya kuagiza, kamati ichukue ramani na penseli, ianzie chumba kimoja na kuuzunguka ukuta wake kwa mwelekeo mmoja, ikitia alama ya vema kwenye kila uwazi uliokwisha kuhesabiwa. Alama hiyo huzuia mlango unaounganisha vyumba viwili kuhesabiwa mara mbili. Katika mfano wetu, kila darasa lina madirisha mawili mbele na matatu nyuma, yaani matano. Madarasa mawili yana madirisha kumi, ilhali jedwali linasema kumi na mawili.

Tofauti ya namna hii mara nyingi hutokana na ramani kurekebishwa bila jedwali kurekebishwa. Huenda kila darasa lilikuwa na dirisha la sita kwenye ukuta wa mwisho, likaondolewa ili ubao wa kufundishia uwekwe hapo. Kamati ilinganishe tarehe za marekebisho katika karatasi zote mbili, kisha imwombe Mhandisi wa Halmashauri uamuzi wa maandishi. Isichague yenyewe idadi ya kufuata, kwani inawezekana pia kwamba ramani ndiyo iliyokosewa.

Jambo la pili ni kipimo. Kwa mlango D1, upana wa milimita 900 waweza kumaanisha upana wa nje wa fremu, au nafasi ya kupita baina ya miimo. Iwapo kila mwimo una unene wa milimita 50, maana ya kwanza huacha nafasi ya kupita ya milimita 800 tu. Maana ya pili huhitaji fremu ya milimita 1000, na uwazi wa ukuta uzidi hapo kidogo, tuseme 1020, ili fremu iingie na kusawazishwa. Mwashi akifuata maana ya kwanza na seremala ya pili, fremu haitaingia, na tofali zitavunjwa. Wote wawili wakifuata ya kwanza, fremu itaingia vizuri, lakini mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu atapungukiwa nafasi aliyokusudiwa na msanifu. Kwa hiyo anayeandaa jedwali aandike wazi juu ya safu ya vipimo: “uwazi wa ukuta”, “fremu kwa nje” au “nafasi ya kupita”.

Jambo la tatu ni yale yasiyoonekana kwenye ramani. Ramani ya sakafu hutazama jengo kutoka juu. Huonyesha upana wa dirisha na tao la mlango unakofungukia, lakini haionyeshi kimo. Jedwali kamili hutaja kimo cha dirisha na urefu kutoka sakafuni hadi chini ya dirisha. Jumla ya viwili hivyo ndiyo kimo cha upande wa chini wa linta. Dirisha W1 likianza milimita 900 kutoka sakafuni, hufika 2400. Mlango wa 2100 wenye kioo cha juu cha milimita 300 hufika hapo hapo, na linta moja hupita juu ya vyote. Jedwali likitaja mlango 2100 bila kioo hicho, kamati iulize ni nini kitakachoziba milimita 300 zilizobaki, kabla fundi hajafunga mbao za linta.