Tafakuri ya Leo: Konda, Binti na Nyumba Yenye Mwembe

 

Leo tuna kisa kifupi. Ni kisa cha mfano, lakini kila anayesafiri kwa basi katika mkoa wetu wa Tabora atakiona kama cha jirani yake. Someni taratibu, kisha tuangalie yule konda alifanya nini hasa.

Basi lilitoka Kaliua, likapita Urambo, likaingia stendi ya Tabora saa kumi na mbili kasoro jioni. Lilitakiwa kufika mapema zaidi, ila tairi lilipasuka njiani. Abiria wakashuka mbio mbio, kila mtu anawahi futari. Konda alipopanda kuangalia kama kuna mzigo umesahaulika, akamkuta binti wa miaka kama tisa amekaa kiti cha nyuma, amekumbatia dumu dogo la asali.

"Mwanangu, hushuki?"

"Bibi alisema shangazi atanipokea. Simuoni."

Bibi yake alimpandisha Urambo. Alimpa kikaratasi chenye namba ya simu, lakini mtoto alikishika mkononi safari nzima, jasho likafuta tarakimu za mwisho. Jina la shangazi analijua moja tu: Mama Pili. Sasa Tabora nzima ina akina Mama Pili wangapi?

Konda akamshusha, akamkalisha kwenye benchi mbele ya dirisha la tiketi, mahali ambapo watu wote wanamuona. Akamuuliza, "Nyumba ya shangazi ikoje?"

"Ina mwembe mkubwa."

Hapo wenyeji wa Tabora mtatabasamu. Mji wetu ulikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo watu walifika hapa, wengine wakaendelea magharibi hadi Ujiji, wengine wakakata kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Miembe iliota kufuata njia hiyo na mpaka leo imejaa mjini. Kumwambia mtu atafute nyumba yenye mwembe Tabora ni sawa na kumwambia atafute nyumba yenye mlango.

Wakati huo akasogea mama mmoja aliyekuwa amesimama pembeni. "Mama Pili? Namjua sana, ni jirani yangu. Nipe mtoto nimfikishe, wewe wahi kufuturu."

Ndugu zangu, hapa ndipo mtihani ulipo. Konda amefunga, amesimama mlangoni mwa basi tangu alfajiri, adhana inakaribia, na mtu amejitolea kumtua mzigo. Wengi wetu tungesema alhamdulillah na kuondoka.

Yeye akauliza, "Ahsante mama. Huyu mtoto anatoka wapi?"

"Si kijijini huko."

"Kijiji kipi?"

"Kwani mimi polisi?"

"Na mume wa Mama Pili anafanya kazi gani?"

Yule mama akasonya, akaenda zake. Konda hakumwita mwizi. Huenda alikuwa mtu mwema mwenye haraka tu. Lakini alichokijua chote ni lile jina alilolisikia mtoto akilitaja. Anayemjua mtu kweli atakuambia jambo ambalo hujamtajia bado.

Konda akarudi kwa binti na maswali ya namna nyingine. Hakumuuliza, "Ni Isevya? Ni Kanyenye?" kwa sababu mtoto aliyeogopa atakubali kila anachotajiwa. Akamuuliza, "Usiku ukilala kwa shangazi unasikia nini?" "Treni." "Asubuhi shangazi anafanya nini?" "Anachoma vitumbua." "Na baba Pili?" "Anatengeneza baiskeli pale barazani." Sasa kuna alama tatu, na si miembe tena.

Kisha akapiga simu alikoanzia mtoto. Wakala wa basi kule Urambo alimkumbuka bibi, akamtuma kijana kwa bodaboda nyumbani kwake. Baada ya robo saa jibu likaja: Ng'ambo, na mume ni fundi baiskeli. Maneno ya bibi yamelingana na ya mtoto, na hawa wawili hawakuzungumza.

Hakuondoka naye peke yake. Alimuomba dada mmoja wa tiketi wafuatane, wakapanda bajaji watatu. Na kabla ya kuondoka akamwachia mwenzake wa dirishani namba yake ya simu: "Akija mama anamtafuta binti kutoka Urambo, mpe namba hii. Usimwambie mtoto kavaa nini."

Ng'ambo walianzia kwa mwenyekiti wa mtaa. Aliposikia vitumbua na baiskeli akainuka mwenyewe kuwaongoza. Walipofika, mwembe upo kweli, na baiskeli zimeegemezwa barazani. Binti akaruka, "Ni hapa!" Lakini ndani alikuwepo kijana mmoja tu, jirani, analinda nyumba. "Mama Pili na mumewe wameenda stendi. Wanalia huko, mtoto wao amepotea."

Yule kijana akasema, "Mwacheni tu, watamkuta." Adhana ya Magharibi ndiyo inaadhiniwa. Konda akaomba maji, akafuturu kwa maji na tende moja aliyopewa na mwenyekiti, akakaa barazani.

Simu ikaita. Sauti ya mwanamke inatetemeka. Konda hakusema "tunaye." Aliuliza kwanza, "Mtoto wako amepandia wapi, na amebeba nini?" "Urambo. Dumu la asali ya bibi yake." Ndipo akasema, "Njoo nyumbani, shangazi. Yupo."

Kumbe alikuwa stendi tangu saa nane. Basi jingine la Kaliua lilipoingia na mtoto hayumo, akarudi nyumbani kuuliza, na wakati huo ndipo basi lenyewe likaingia. Bila ile namba iliyoachwa dirishani, usiku ungewakuta wanapishana.

Tuzingatie mambo mawili. Kwanza, msafiri aliyekwama ana haki. Katika Surat At-Tawba, aya ya 60, ametajwa miongoni mwa makundi manane yanayostahiki zaka. Pili, huruma peke yake haitoshi. Mtoto ni amana, na amana ina utaratibu. Wanavyuoni wa madhehebu ya Shafi wanamtaka anayemwokota mtoto asiyejulikana wazazi wake aweke mashahidi. Binti huyu ana kwao, lakini hekima ni ile ile: benchi la mbele za watu, dada wa tiketi na mwenyekiti wa mtaa walimlinda mtoto, na walimlinda konda pia asije akadhaniwa vibaya.

Na kama nyumba isingepatikana? Asingemlaza kwake. Angempeleka polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, au angepiga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Kazi ya leo baada ya futari: wengi wetu tutawapandisha watoto mabasi kwenda kusalimia Idi. Mkalishe mtoto, muulize jina kamili la mwenyeji wake, mtaa, kazi anayoifanya, na namba ya simu aitaje kwa kichwa, maana karatasi hulowa. Akikujibu "nyumba ina mwembe," anza upya.

Allah atutakabalie swaumu zetu na awafikishe salama wasafiri wetu. Aamin. Tukutane kesho in shaa Allah.