Kwa Nini Molekuli ya Maji Imepinda

Wanafunzi wengi, hata baada ya kuonyeshwa slaidi za kemia, huchora maji kama fimbo iliyonyoka: H–O–H. Huhesabu jozi za elektroni zilizoshika haidrojeni tu. Hebu tuhesabu zote.

Oksijeni ina elektroni 6 za nje, na haidrojeni mbili zaleta 2. Jumla 8, yaani jozi 4. Jozi hizi husukumana, basi hukaa mbalimbali kadiri ziwezavyo, zikielekea ncha nne za umbo kama pakiti ya maziwa ya pembetatu, nyuzi 109.5 baina yake. Amonia nayo: naitrojeni 5, haidrojeni 3, jozi 4 vile vile.

Lakini katika amonia jozi moja haikushika kitu, na katika maji ni mbili. Jozi ya namna hiyo huvutwa na kiini kimoja tu, kwa hiyo hutanuka na kuwabana jirani zake. Pembe ya amonia hupungua hata nyuzi 107 hivi. Ya maji, 104.5.

Umbo hutajwa kwa atomu peke yake: amonia ni kigoda cha miguu mitatu, maji ni kiwiko. Lakini hesabu hii haisemi pembe itapungua kiasi gani. H₂S ina jozi kama za maji, na pembe yake ni nyuzi 92 tu. Hiyo sharti ipimwe.