Dondoo muhimu: Kuisawazisha roboti ya kukagua bwawa

Roboti ya mabomba ya plastiki yenye uzito wa kilo 3.2, ambayo ikizamishwa husukuma lita 2.9 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, hupungukiwa na gramu 300 za nguvu ya kuelea, na kwa hiyo huzama. Chupa ngumu iliyofungwa vizuri, yenye ujazo wa nusu lita na uzito wa gramu 20, ikifungwa juu ya fremu huongeza gramu 480, na ziada ya 180 hupunguzwa kwa nati za chuma za gramu 150 zinazofungwa chini, ambazo majini hubaki na takriban gramu 130 tu.

Gramu 50 zinazosalia ni za makusudi: roboti hupanda yenyewe umeme ukikatika, na mota ya wima, iliyowekwa katikati, huishusha kwa kusukuma maji juu, hivyo tope la sakafuni halitibuliwi mbele ya kamera. Pua ikiinuka, nati husogezwa mbele. Mabomba yatobolewe pande zote, kwani hewa iliyonaswa huhamahama na kuvuruga mizani hiyo.